Antijeni, kingamwili na epitopu: namna ya kuacha kuzichanganya kwenye mtihani

Mitihani ikikaribia, wanafunzi wa maabara, uuguzi na kidato cha sita huuliza mambo yale yale. HBsAg ni antijeni au kingamwili? Epitopu iko upande gani? Bakteria ni wa kinga ya humorali na virusi ni vya kinga ya seli, au sivyo? Nimeyajibu hapa kwa kutumia ugonjwa mmoja, homa ya ini B. Nimeuchagua kwa sababu ndani yake antijeni, kingamwili, epitopu na aina zote mbili za kinga zinaonekana waziwazi, na majibu yake ya maabara ndiyo yanayopenda kuletwa kwenye mitihani.

Kabla hujaanza

Tafuta karatasi isiyo na mistari, penseli na kalamu mbili za rangi tofauti. Weka karibu maswali ya mitihani iliyopita yanayohusu kinga. Usianze kwa kukariri tafsiri za vitabu. Kinachowaangusha wengi ni kuwa na tafsiri sahihi kichwani bila picha yoyote ya kuiweka mahali pake, kwa hiyo tutaanza na picha.

Kwenye mwongozo huu kingamwili ni kile ambacho wengine hukiita antibodi. Kinga ya humorali ni ile inayofanya kazi kwa kingamwili zilizomo kwenye damu na majimaji mengine ya mwili. Kinga ya seli ni ile ambayo seli T zenyewe hufika mahali pa tukio na kufanya kazi.

Hatua za kufuata

1. Chora kirusi na utaje antijeni zake.

Chora duara kubwa, na ndani yake duara dogo. Duara kubwa ni utando wa nje wa kirusi cha homa ya ini B, nao umejaa protini iitwayo HBsAg, antijeni ya juu ya kirusi. Duara dogo ni kiini, kilichojengwa kwa protini nyingine, HBcAg. Ndani ya kiini mna DNA ya kirusi.

Sasa angalia mchoro wako. Kirusi ni kimoja, antijeni ulizotaja ni mbili, na hata hapo hujamaliza. Ukiandika kwenye mtihani kwamba "antijeni ni kijidudu kinacholeta ugonjwa" utapoteza alama, kwa sababu kijidudu hubeba antijeni nyingi na yenyewe si antijeni moja. Antijeni ni molekuli, mara nyingi protini au sukari changamano, ambayo kingamwili au kipokezi cha seli T kinaweza kuishika.

Kosa jingine la hapa ni kusema kwamba antijeni lazima itoke nje ya mwili. Seli nyekundu za mtu wa kundi A zina antijeni A, na ni zake mwenyewe. Mwili wake haushambulii antijeni hiyo, lakini jina lake haligeuki.

2. Weka alama ya epitopu.

Chukua kalamu ya rangi ya kwanza. Kuza protini moja ya HBsAg pembeni mwa karatasi, kisha paka rangi sehemu ndogo tu ya uso wake. Hiyo uliyoipaka ni epitopu: kipande cha antijeni ambacho kingamwili moja hukishika. Antijeni moja inaweza kuwa na epitopu kadhaa, na kila moja ikashikwa na kingamwili tofauti.

HBsAg ya kawaida ina asidi amino 226. Eneo ambalo kingamwili nyingi za kinga hulilenga liko takriban kati ya asidi amino ya 124 na ya 147, nalo huitwa kitambulisho "a". Yaani protini nzima ni antijeni, na sehemu inayoamua kama kingamwili itashika au itateleza ni hiyo fupi.

Mfano bora wa tofauti hii ulielezwa mwaka 1990. Mtoto mmoja nchini Italia alizaliwa na mama mwenye virusi vya homa ya ini B. Alipewa chanjo, akatengeneza kingamwili, na bado akaambukizwa. Virusi alivyokuwa navyo vilikuwa na badiliko kwenye nafasi ya 145 ya HBsAg: glisini ilikuwa imebadilishwa na arjinini. HBsAg ilikuwa bado ipo. Kilichobadilika ni epitopu, na kingamwili zake hazikuishika vizuri tena. Swali likikuuliza tofauti kati ya antijeni na epitopu, mfano huu unatosha: antijeni inaweza kubaki huku epitopu yake ikiwa imeharibika.

Onyo: usichore epitopu kwenye kingamwili. Kwenye kingamwili, zile ncha mbili za juu za umbo la Y, sehemu inayoshika huitwa paratopu. Epitopu siku zote iko upande wa antijeni.

3. Soma herufi za majibu ya maabara kabla ya kufikiri lolote.

Jina likiishia na Ag, kilichotafutwa ni antijeni, mali ya kirusi. Likianza na anti-, kilichotafutwa ni kingamwili, mali ya mgonjwa. Chukua kalamu ya rangi ya pili na uandike kila kingamwili kwa rangi hiyo mpaka utakapozoea. Halafu jaribu majibu ya watu hawa watatu:

Mtu wa kwanza: HBsAg hasi, anti-HBs chanya, anti-HBc hasi.
Mtu wa pili: HBsAg hasi, anti-HBs chanya, anti-HBc chanya.
Mtu wa tatu: HBsAg chanya, anti-HBs hasi, anti-HBc chanya.

Mtu wa kwanza amechanjwa. Chanjo ya homa ya ini B ina HBsAg peke yake, haina kiini cha kirusi wala DNA yake. Mwili hauwezi kutengeneza kingamwili dhidi ya antijeni ambayo haujawahi kukutana nayo, kwa hiyo anti-HBc haipo. Mtu wa pili aliwahi kuambukizwa na virusi kamili, akakutana na antijeni zote mbili, kisha akapona. Mtu wa tatu ana virusi sasa hivi, maana antijeni yenyewe imo kwenye damu yake. Ikiendelea kuonekana zaidi ya miezi 6, maambukizi yake huhesabiwa kuwa sugu.

Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kusoma "HBsAg chanya" na kuandika kwamba mgonjwa ana kinga. Ni kinyume kabisa. Anayeonyesha kinga ni anti-HBs, na kiwango kinachohesabiwa kuwa kinalinda baada ya chanjo ni kuanzia 10 mIU/mL.

4. Uliza adui yuko wapi: nje ya seli au ndani yake.

Hapa ndipo unapotofautisha kinga ya humorali na kinga ya seli. Achana na swali la kama ni bakteria au kirusi. Uliza mahali.

Kingamwili haziingii ndani ya seli hai ya ini kwenda kupambana na kilichomo. Kazi yao ni nje, kwenye damu na majimaji. Kirusi cha homa ya ini B kikiwa bado kinaelea kwenye damu, anti-HBs huishika HBsAg na kukizuia kisiingie kwenye seli ya ini. Hiyo ni kinga ya humorali.

Kirusi kikishaingia ndani ya seli, kingamwili zimechelewa. Lakini seli ya ini iliyoambukizwa hukata vipande vidogo vya protini za kirusi na kuvionyesha juu ya uso wake, vikiwa vimeshikiliwa na molekuli za MHC daraja la kwanza. Seli T za CD8 zinazolitambua jozi hilo huiua seli iliyoambukizwa kwa peforini na granzaimu, au hutoa saitokini zinazozima kirusi ndani ya seli. Hiyo ni kinga ya seli.

Sasa rudi kwenye mchoro wako wa hatua ya kwanza, utazame HBcAg. Imefichwa ndani ya utando. Kirusi kikiwa kizima, kingamwili haziwezi kuifikia, na ndiyo maana anti-HBc hailindi mtu ingawa mwili huitengeneza kwa wingi. Lakini vipande vya protini hiyo hiyo vikionyeshwa juu ya seli ya ini iliyoambukizwa, seli T za CD8 huviona na kushambulia. Antijeni ni moja, kwa kingamwili haina faida, na kwa seli T ina faida kubwa. Ukiielewa sentensi hiyo huhitaji tena kukariri jedwali la tofauti za kinga hizi mbili.

Hapo pia utaona kwamba epitopu ya kingamwili na epitopu ya seli T si kitu kile kile. Kingamwili hushika umbo la nje la antijeni jinsi ilivyo. Seli T hutambua kipande kilichokatwa na kuwekwa juu ya MHC, kwa hiyo hata sehemu iliyokuwa imejificha katikati ya protini inaweza kuwa epitopu kwake.

5. Hakikisha kwa kuuliza: kinga hii inahamishwa na nini?

Ukiwa bado na shaka, jiulize kama kinga hiyo inaweza kuhamishwa kwa seramu peke yake, yaani damu iliyoondolewa seli na vitu vya kugandisha. Ikiwezekana, ni ya humorali. Isipowezekana mpaka uhamishe seli zenyewe, ni ya seli.

Mwaka 1890 Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato walionyesha kwamba seramu ya sungura aliyejengewa kinga dhidi ya pepopunda inaweza kumlinda panya. Seramu ilitosha, kwa hiyo hiyo ilikuwa kinga ya humorali. Karl Landsteiner na Merrill Chase, mwaka 1942, walifanya kazi na simbilisi ambao ngozi zao zilikuwa zimepata mzio wa kemikali fulani. Seramu haikuhamisha mzio huo kwenda kwa wengine. Seli nyeupe ziliuhamisha. Miaka mitatu baadaye Chase alionyesha jambo hilo hilo kwa mwitikio wa ngozi kwa tubakulini ya kifua kikuu.

Kwenye homa ya ini B, mtoto anayezaliwa na mama mwenye HBsAg anaweza kupewa kingamwili zilizo tayari pamoja na chanjo. Kingamwili hizo humlinda mara moja lakini huisha, wakati chanjo inaufanya mwili wake ujitengenezee zake. Kingamwili za sindano ni kinga ya humorali ya kupewa, na chanjo ni kinga ya kujitengenezea. Mtahini akikuuliza tofauti ya hizo mbili, usijibu kwa humorali na seli. Hilo ni swali jingine.

Swali moja lililofanywa hadi mwisho

"Mgonjwa mtu mzima ana macho ya njano. HBsAg ni chanya. Eleza nini kimeharibu ini lake."

Wengi huandika kwamba kirusi kimeua seli za ini. Wengine huandika kwamba kingamwili zimeziua. Jibu linalopata alama hupitia hatua zetu. HBsAg ni antijeni, kwa hiyo virusi vipo sasa. Virusi hivyo vinajizalisha ndani ya seli za ini, kwa hiyo sehemu kubwa ya mapambano ni ya kinga ya seli. Kirusi cha homa ya ini B chenyewe hakiui seli ya ini moja kwa moja kwa kiasi kikubwa. Uharibifu mwingi hutokana na seli T za CD8 kuua seli zilizoambukizwa, pamoja na seli nyingine za uvimbe zinazovutwa na saitokini. Yaani manjano ya macho ni alama ya mwitikio wa kinga.

Ukitaka kuongeza alama, taja watoto wachanga. Wakiambukizwa wakati wa kuzaliwa, karibu 90% hubaki na maambukizi sugu, na mara nyingi hawaonyeshi dalili yoyote mwanzoni, kwa kuwa mwitikio wao wa seli T ni dhaifu. Watu wazima wanaobaki na maambukizi sugu hawafiki 5%, ingawa wao ndio wanaopata manjano zaidi.

Maswali yanayorudi kila mara

*Kipimo cha HBsAg kina kingamwili ndani yake. Mbona tunasema kinapima antijeni?*

Kwa sababu kitu kinachotafutwa na kitu kinachotumika kukitafuta ni viwili tofauti. Itazame karatasi ya kipimo cha haraka kwa karibu. Chini unapodondoshea seramu kuna kingamwili zilizounganishwa na chembechembe za rangi, zikisubiri. Kwenye mstari wa T kuna kingamwili nyingine zilizogandishwa mahali pake. HBsAg ya mgonjwa hushikwa kwanza na zile zenye rangi, zinapanda nayo, kisha inanaswa kwenye mstari wa T, na rangi inaonekana kwa sababu antijeni imebanwa katikati ya kingamwili mbili. Kingamwili hizo zimetoka kiwandani; za mgonjwa hazihusiki. Vipimo vya kingamwili, kama vile vya haraka vya VVU, huwa kinyume: kwenye mstari kumewekwa antijeni za kirusi ili kunasa kingamwili za mgonjwa.

*Je, kingamwili huua vijidudu?*

Peke yake, haiui. Huzuia kijidudu au sumu kushika seli, humtia alama adui ili makrofaji zimle kwa urahisi, na huamsha komplementi ambayo inaweza kutoboa utando wa bakteria. Andika kazi hizo, usiandike "huua". Na usiichanganye na antibayotiki, ambayo ni dawa.

*Seli T ni za kinga ya seli. Basi hazihusiki na kinga ya humorali?*

Zinahusika sana. Seli T saidizi, zile za CD4, huisaidia seli B igeuke kuwa seli ya plazma, itengeneze IgG badala ya IgM peke yake, na iache seli za kumbukumbu. Chanjo ya HBsAg isingefanya kazi vizuri bila msaada huo. Seli hizo hizo huzisaidia CD8 pia. Ndiyo maana VVU vinapopunguza seli za CD4, kinga zote mbili huyumba.

*Kifua kikuu ni bakteria. Mbona kinga yake ni ya seli?*

Kwa sababu bakteria huyo huishi ndani ya makrofaji. Seli T za CD4 hutoa saitokini, hasa intaferoni gama, zinazoipa makrofaji nguvu ya kumuua aliyemo ndani yake. Kipimo cha ngozi cha kifua kikuu hutegemea kinga hiyo: mililita 0.1 ya tubakulini hudungwa ndani ya ngozi ya mkono, na uvimbe mgumu hupimwa baada ya saa 48 hadi 72. Muda huo ndio unaohitajika ili seli T zikusanyike na kuwaita wenzao. Kupima wekundu badala ya uvimbe mgumu ni kosa la vitendo, na kuandika kwamba kipimo hicho kinatafuta kingamwili ni kosa la nadharia.

Ukikwama

*Majibu yana anti-HBc peke yake chanya, HBsAg na anti-HBs zote hasi.* Usiseme maabara imekosea. Inawezekana ni kipindi cha dirisha: HBsAg imeshatoweka na anti-HBs bado haijaonekana. Hapo utafute aina ya anti-HBc. Ikiwa ni IgM, maambukizi ni ya karibuni. Ikiwa ni IgG bila IgM, huenda mtu alipona zamani na anti-HBs yake ikapungua hadi isionekane, na yapo maelezo mengine ambayo mtahini ataeleza kama anayataka.

*Mtu aliyechanjwa wiki iliyopita ana HBsAg chanya.* Chanjo yenyewe ni HBsAg, na kwa siku chache baada ya sindano inaweza kuonekana kwenye damu. Kipimo hurudiwa baadaye kidogo.

*Mtoto wa miezi 4 ana kipimo cha kingamwili cha VVU chanya.* Jiulize kingamwili ni za nani. IgG ya mama hupita kwenye kondo la nyuma, na ya VVU inaweza kubaki kwenye damu ya mtoto hadi umri wa miezi 18 hivi. Kipimo hicho kinaonyesha hali ya mama, kwa hiyo kwa mtoto wa umri huo hutafutwa chembe za urithi za kirusi chenyewe kwa PCR. Ukiandika tu kwamba mtoto ameambukizwa, umesoma kingamwili kana kwamba ni antijeni.

*Swali halisemi adui yuko ndani au nje ya seli.* Tafuta vidokezo. Likitaja sumu, kama ya pepopunda au dondakoo, adui yuko nje na jibu linaanzia kwenye kingamwili. Likitaja seli iliyoambukizwa, seli ya saratani au kiungo kilichopandikizwa na kukataliwa siku au wiki chache baadaye, anza na seli T. Likitaja kirusi bila maelezo zaidi, andika zote mbili kwa mpangilio: kingamwili kabla hakijaingia kwenye seli, seli T za CD8 kikishaingia.